Zege halilali, na mama hajajibu

Jumamosi, saa nne na dakika kumi asubuhi, tuko kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha. Kijana mmoja yuko juu ya jukwaa anapokea makarai, mwenzake anasokomeza zege kwa kipande cha nondo lishuke mpaka chini ya boksi la mbao. Pale chini michanganyo miwili imeshageuzwa, imeiva, inangoja kubebwa. Simu ikatetemeka mfukoni.

"Simamisheni hapo hapo. Kwanza nione."

Nikainua mkono. Wote wakasimama.

Nikaandika: "Sawa mama, tumesimama. Kuna tatizo gani?" Tiki mbili, za kijivu. Nikapiga. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Fundi wangu wa nondo akakaa juu ya ndoo, akaniangalia kwa jicho la mtu anayejua la kusema ila ameamua kulimeza. Jua la Kange, hapa Tanga, saa hizo halina mzaha, na upepo uliotoka baharini ulikuwa umeishia huko huko mjini.

Mwenye nyumba anaishi Maskati, ni nesi. Kwetu ikiwa saa nne, kwao ni saa tano. Nilishazoea kuhesabu saa zake kama ninavyohesabu mifuko ya saruji.

Saa tano na dakika arobaini na tano jibu likaja.

"Ringi mbona hazilingani?"

## Miezi miwili ya "picha, baba"

Nimekaa na jambo hili wiki ya tano sasa. Nililiandika mara mbili nikafuta, kwa sababu mara ya kwanza mimi nilikuwa malaika na mara ya pili yeye ndiye alikuwa malaika.

Kila asubuhi mazungumzo yetu yalianza hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Picha."

Nilituma picha. Kisha picha ya risiti. Kisha picha ya mifuko ikiwa stoo, halafu picha ya mifuko ikifunguliwa, maana mfuko ukiwa stoo bado haujawa nyumba. Siku moja aliuliza kwa nini lundo la mchanga limehama kutoka kushoto kwenda kulia. Siku nyingine aliwaona vijana kwenye pembe ya picha wakila mihogo, akauliza saa nne wanakula nini, na nani amewaruhusu. Misumari ya boksi niliisubiria ruhusa dakika arobaini nikiwa dukani Ngamiani, muuzaji ameshaifunga kwenye gazeti, kisha akaifungua akamuuzia mtu mwingine.

Kibarua analipwa siku. Ukimkalisha juu ya ndoo unamlipa vile vile.

Mzee aliyenifundisha kazi ana dawa yake kwa wateja wa namna hii. "Mwenye nyumba wa mbali mpe picha moja Ijumaa," aliniambia. "Akitaka ya pili, mwambie bando limekwisha." Nilicheka. Kisha, bila kukiri hata kwangu mwenyewe, nikaanza kuitumia dawa hiyo.

Nilianza kuchagua picha. Kitu nilichoona kitazaa maswali, sikukipiga. Siku niliyochoka, nilimtumia asubuhi picha ya jana jioni, ukuta ule ule kutoka pembe nyingine kidogo. Haikupita nusu saa.

"Baba, kivuli cha ukuta kimelala upande wa jioni. Hii ni ya lini?"

Sikuwa na jibu. Nilisema simu ilichanganya. Kuanzia siku ile ujumbe uliongezeka maradufu, na mimi nikawa nazidi kuficha kwa sababu unaongezeka, na yeye anazidi kuuliza kwa sababu nanuka kama mtu anayeficha. Ukiniuliza wakati ule nani aliyeanza, ningekuapia kuwa ni yeye.

## Saba badala ya 10

Turudi kwenye lenta.

Niliposoma ule ujumbe wa ringi nilipanda jukwaani na tepu. Picha niliyomtumia saa nne ilionyesha sehemu iliyokuwa mbele yetu, juu ya dirisha la sebule, ambako zege lilikuwa halijafika vizuri. Dirisha lile ni pana, mita 1.8. Tulikubaliana nondo nne za mm 12, na ringi za mm 8 za kuzizungushia kila baada ya sentimita 20. Kwa upana ule unapaswa kuhesabu ringi 10.

Nilihesabu saba.

Fundi wa nondo hakubishana. Ringi alizokunja jana yake zilimwishia, siku imekwisha, akazitawanya zilizobaki hadi sentimita 30 ili zifike. Kwenye ukuta mzima lenta imelalia tofali zilizo chini yake, na kosa kama hilo lingeweza kukaa miaka bila kusema neno. Juu ya uwazi ni habari nyingine. Pale lenta inabeba tofali za juu na paa kwa nguvu zake yenyewe, na karibu na pembe za dirisha ndiko mzigo unakotaka kuikata kwa mshazari. Ringi ndizo zinazozuia mkato huo. Ule ufa wa mshazari unaouona kwenye nyumba nyingi, unaoanzia pembe ya dirisha na kupanda kuelekea dari, mara nyingine chanzo chake ni kitu kidogo cha namna hii kilichofunikwa na zege mchana kweupe.

Kwa hiyo alikuwa sahihi. Nesi aliyeko Maskati, mwenye simu ya kioo kilichopasuka, alihesabu ringi ambazo mimi niliyesimama chini yake sikuzihesabu.

Hilo ndilo lililoniuma. Si ujumbe wa saa nne.

Lakini nilipogeuka nikaona na lile jingine. Nilichukua kipande cha nondo, nikakisimamisha juu ya zege tulilomwaga mwisho, nikakisukuma taratibu. Zege likiwa bado hai, nondo huzama mpaka chini bila ugomvi. Hii iliingia kama inchi moja ikagoma. Dakika 95 kwenye joto la Tanga zilitosha kabisa. Saruji ikishakutana na maji haiulizi nani yuko zamu.

Ukimwaga zege jipya juu ya lililoanza kukaza, hayashikani. Yanalala pamoja kama wageni wawili kwenye kitanda kimoja, kila mmoja na shuka lake. Boksi likifunguliwa utaona mstari umekata lenta, wakati mwingine hata maji ya mvua yanapenya hapo. Na ulimi wetu wa zege ulikuwa umeishia mahali pabaya kuliko pote, nusu mita ndani ya lile dirisha.

Kijana wa mchanganyo alitaka kuongeza maji kwenye yale malundo mawili ya chini, yalainike, kazi iendelee. Nilimzuia. Zege lililoanza kukaza ukiliongezea maji linalainika kwa macho tu, nguvu yake imeshaondoka. Tulilitandaza kwenye njia ya kuingilia uwanjani. Mifuko miwili ya saruji, njia ya kupitishia toroli.

Kisha tukakwangua ule ulimi kwa mwiko na koleo, ukiwa bado unakwanguka, tukarudi nyuma hadi juu ya ukuta mzima, mbali na dirisha. Tukaziba kwa ubao uliosimama wima, ili mwisho wa zege uwe bapa na si mteremko. Nondo zilizochafuka tukazisugua kwa brashi ya chuma. Fundi akakunja ringi tatu mpya, akazifungua mdomo, akaziingiza, akazikaza kwa waya, na zile za zamani akazisogeza. Kesho yake tukautoboatoboa kwa tindo ule uso wa wima mpaka kokoto zikaonekana, tukapiga brashi, tukamwagilia, tukapaka uji wa saruji, na kabla haujakauka tukaendelea kumwaga. Kiungo cha namna hii kinakubalika. Kile cha dakika 95 hakikubaliki.

Sikumtumia picha hata moja ya shughuli hiyo.

## Zege lililosubiri

Jumapili jioni nilikuwa naandika hesabu. Kila kitu kilikuwa na mahali pake: saruji ya lenta mifuko 12, nondo, waya, vibarua. Ikabaki ile mifuko miwili ya njiani. Ningeweza kuandika lenta mifuko 14 na nani angejua. Nilikaa na kalamu muda mrefu. Nikaandika: "Saruji mifuko 2, zege lililosubiri." Nikatuma.

Safari hii tiki zikawa za buluu mara moja.

"Lililosubiri nini?"

"Lilikusubiri wewe, mama."

Nilijuta kabla sijaondoa kidole. Akapiga. Nilidhani nitatukanwa, nikatoka nje nisitukanwe mbele ya watoto.

Hakutukana. Aliuliza tu, kama nesi anavyomuuliza mgonjwa, zege husubiri muda gani. Nikamweleza habari ya nondo iliyogoma kuzama. Akanyamaza. Kisha akasema ule ujumbe wa saa nne aliuandika chooni, kwenye mapumziko ya dakika tano, kwa sababu simu zao hukaa kwenye kabati hadi wamalize sehemu ya zamu. Aliandika, akaitwa, akaondoka. Alidhani kusimama ni kusimama, kama mtu anavyosimamisha baiskeli.

Halafu akanieleza la miaka ya nyuma. Alishajenga. Aliwahi kumtumia ndugu yake pesa kwa miaka mitatu, na kila mwezi alipokea picha: msingi, kuta, lenta, paa. Aliporudi likizo alikuta kiwanja kina majani yaliyofika kiunoni na tofali chache zilizokwisha kuota ukungu. Picha zilikuwa za nyumba ya mtu mwingine.

"Kivuli nilijifunza huko," akasema. "Baadaye, nilipozipanga zile picha sakafuni, nikaona vivuli vya mwezi wa kwanza na vya mwezi wa saba vinafanana."

Ningependa kusema moyo wangu ulilainika hapo. Ukweli ni kwamba nilianza kuhesabu picha nilizomficha.

## Kinachofunikwa

Nilichomwambia usiku ule sikukitoa kichwani mwangu. Kwenye miradi mikubwa hakuna anayemwaga zege kabla mhandisi mshauri hajakagua nondo na kusaini. Nimefanya kazi chini ya utaratibu huo nikiwa kibarua na nilimwona mhandisi kama mtu wa usumbufu. Lakini angalia anapokuja: anakuja kabla. Akishasaini anaondoka, na zege likianza halikatizwi na mtu.

Sisi tulikuwa tumegeuza. Kabla ya zege hakuna aliyekagua, kwa sababu mimi nilikuwa bize kujibu habari za mihogo. Katikati ya zege ndipo ukaguzi ukaja.

Nikamwomba tugawe mambo. Kuna vitu ambavyo vikifunikwa havionekani tena: nondo kabla ya zege, mabomba kabla ya jamvi la sakafu, dawa ya mchwa na nailoni kabla ya jamvi, mabomba ya umeme kabla ya plasta. Hivyo ni vyake. Nitavimaliza siku moja kabla, nitavipiga picha tepu ikiwa imewekwa, nitamtumia saa kumi na mbili jioni, na bila neno lake "endelea" havifunikwi. Ila neno hilo lije kabla ya saa nne usiku, ili alfajiri nijue kama niwaite vibarua au niwaache walale. Cha pili, chochote kinachobadilisha bei au sura ya nyumba, namuuliza kabla. Yaliyobaki ni yangu, mchanga ukae kushoto au kulia, na atayaona kwenye taarifa ya jioni pamoja na risiti zote.

Na zege likishaanza, simu yangu inakaa kwenye mkoba.

"Na nikiona kosa?" akauliza.

"Utakuwa umeliona jana yake jioni, mama."

Alikubali karibu yote. Akaongeza sharti moja, na hilo lilinikaa kooni wiki nzima. Kila alfajiri atanitumia namba, yoyote itakayomjia. Nitaiandika kwa chaki kwenye tofali, na tofali hilo lionekane kwenye kila picha ya siku hiyo.

Kama mtu aliyetekwa, nilifikiri. Vijana walinicheka. "Fundi, leo ngapi?" ndiyo ikawa salamu ya saiti.

Siku ya nane hivi ndipo nilipogundua ujumbe wa mchana umekoma. Sikuweza kusema ulikoma lini. Ile namba ya chaki ilikuwa inamjibu maswali ambayo mimi nilikuwa nayajibu kwa maneno, na maneno yangu yalishapoteza thamani siku ya kivuli.

## Kipande cha ubao

Ukaguzi wa kwanza mgumu ulikuwa wa bomba la choo chini ya jamvi. Bomba la inchi 4 nalilaza kwa mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Ukipunguza mteremko huo mno, uchafu unabaki njiani, na jamvi likishamwagwa huna la kufanya ila kuvunja sakafu. Picha haionyeshi mteremko. Bomba lililolala vizuri na lililolala vibaya, kwenye simu yanafanana kabisa.

Nilikata kipande cha ubao chenye unene wa sentimita 2.5. Nikaweka pima maji ya mita moja juu ya bomba, ubao ukiwa chini ya ncha ya upande wa chini. Mteremko ukiwa sawa, tone la hewa linakaa katikati. Nikapiga picha mita baada ya mita, picha sita, kila moja na tone lake na tofali la namba 418 pembeni. Kwenye mita ya nne tone lilikuwa limekimbia. Nililiona mimi mwenyewe nikiwa nazipanga picha za kutuma, nikarudi shimoni na tochi nikapandisha mchanga chini ya bomba.

Akajibu saa tatu na nusu usiku. "Ya nne mbona mchanga wake mbichi?"

Nikamwambia.

"Endelea, baba."

Sitaki mtu asome hapa akadhani kila mteja anatibika kwa chaki. Mwaka juzi nilikuwa na mmoja, hapa hapa mjini, anapita saiti mara tatu kwa siku na kila akipita anahamisha mlango. Tuligawa mambo, tukaandikiana, akaendelea kuhamisha. Huyo hakuwa anaogopa kuibiwa, alikuwa hajui anataka nyumba gani, na hilo halina kipimo cha tepu. Nilimkabidhi hesabu yake kwenye lenta tukaachana kwa salama. Pia taarifa za kila jioni zinakula saa nzima ya usiku wangu, na kazi ya Kange sikuitoza. Siku hizi naiandika kwenye makadirio kama ninavyoandika maji. Wengine wanaishangaa, wachache wanaifuta.

Zile ringi saba nilimtumia hatimaye. Picha ya jukwaani niliyoipiga kabla hatujaongeza, na nyingine ya baada, pamoja na ule uso uliotobolewa kwa tindo. Nilimwambia mfuko mmoja ni wangu kwa kutohesabu, mmoja ni wake kwa kusimamisha. Akalipa mmoja. Hakusema chochote kingine juu yake, na kesho yake alfajiri namba ikaja kama kawaida.

## Mteja wa sasa

Niko Pongwe wiki hizi, kwa mtu wa Dar es Salaam. Hajauliza kitu tangu tuchimbe msingi. Pesa inaingia kwa tarehe, ujumbe hakuna. Ndiye mteja niliyekuwa namwota miezi ile ya mihogo.

Jumanne jioni nilifunga nondo za lenta, nikaweka tepu juu ya dirisha kubwa, nikampigia picha nikamtumia. Sikuwa nimeombwa. Mpaka saa nne usiku tiki zilikuwa za kijivu. Nililala vibaya.

Jumatano alfajiri nilipanda jukwaani kabla vibarua hawajafika, nikahesabu kwa kidole. Nikashuka nikanywa chai. Nikapanda tena nikahesabu upya, kisha nikaita mchanganyo wa kwanza.

Alijibu Alhamisi mchana, kidole gumba.